Nimetambulishwa kwa barua pepe, sasa namwombaje tuonane?

*Habari za kazi. Nina miaka 29, ni msimamizi wa ubora kwenye kituo cha kufungashia parachichi hapa Njombe. Jumatatu, tarehe 12 Oktoba, aliyekuwa bosi wangu, Dada R., alitutumia barua pepe moja mimi na Bwana K., Mtanzania aliyeishi Rotterdam miaka mingi, anayefanya kazi kwenye kampuni inayopokea matunda kutoka Afrika. Aliandika mistari mitatu tu: huyu ni fulani, yule ni fulani, nadhani mna ya kuzungumza, nawaachia. Leo ni Alhamisi. Yeye hajaandika, na mimi sijaandika. Dada R. amenipa pia namba ya WhatsApp ya Bwana K. na kuniambia kwamba Bwana K. atakuja Dar mwishoni mwa Novemba.*

*Sitafuti kazi. Ripoti za mizigo yetu hurudi zikisema asilimia fulani ya matunda yamefika yakiwa yamelainika, na hapa kituoni hakuna anayejua wenzetu huko wanapima vipi. Nataka kuelewa.*

*Rasimu yangu ni hii: "Shikamoo Mheshimiwa. Natumaini u mzima wa afya. Mimi ni yule binti aliyetambulishwa na Dada R. Nitashukuru sana ukinipatia nafasi tuonane kwa kahawa ukija Dar, au hata kwa video, siku yoyote na saa yoyote utakayokuwa huru, ili nijifunze kutoka kwako. Samahani sana kwa usumbufu. Nasubiri majibu yako." Sijaituma. Nahisi ina kasoro lakini siioni. Nisubiri aje Dar? Nimpigie? Yeye ni mtu wa makamo na mimi ni msichana, sitaki ombi langu lieleweke vibaya.*

*N., Njombe*

Mdogo wangu N.,

Mwandikie leo. Omba mazungumzo ya video ya dakika 20, na kahawa ya Dar usiitaje kabisa kwa sasa.

Kuhusu kimya cha siku hizi, usikisome kama dharau. Mtu wa tatu anapowaunganisha watu wawili, anayeanza kuandika ni yule atakayenufaika zaidi, na hapa ni wewe. Bwana K. anaweza kuwa ameiona barua ya Dada R., akajisemea huyo dada ataniandikia, kisha akaendelea na kazi zake. Kwa kawaida unajibu siku hiyohiyo au kesho yake, wakati jina lako bado liko juu kwenye barua zake. Umechelewa kidogo tu, na siku tatu hazihitaji aya nzima ya kuomba radhi. Ukizieleza ndipo atakapoziona.

Jibu kwenye barua ileile ya Dada R., usifungue mpya. Akiifungua aone chini yake maneno ya mtu anayemfahamu na kumwamini, kwa sababu kwa sasa hiyo ndiyo dhamana pekee uliyo nayo kwake. Bonyeza "Reply all", kisha jina la Dada R. lihamishie kwenye "Bcc" na umshukuru kwa sentensi moja mwanzoni. Kwa njia hiyo Dada R. ataona kwamba umeshajibu, naye moyo wake utatulia, lakini majibu yatakayofuata kati yenu wawili hayatamfikia. Ukimwacha mle ndani, barua zenu zote za kupanga saa na siku zitamwangukia yeye pia, na siku nyingine hatakuwa mwepesi wa kukutambulisha kwa mtu.

Namba ya WhatsApp iweke pembeni. Hukupewa na mwenyewe. Mtu akipigiwa simu na namba ya +255 asiyoijua, akiwa kazini, anapokea akidhani kuna msiba au tatizo nyumbani. Akigundua ni mtu wa kazi anayetaka miadi, hata kama ni mpole, umeshamshtua. Dada R. alichagua barua pepe kuwakutanisha, basi baki humo hadi Bwana K. mwenyewe aseme "nitumie ujumbe WhatsApp."

Sasa kasoro ya rasimu yako. Iko kwenye maneno ambayo pengine unaona ndiyo yenye adabu kuliko yote: "siku yoyote na saa yoyote utakayokuwa huru." Mimi hupokea maombi ya namna hii, na nakueleza yanavyoonekana kwa anayeyapokea. Bwana K. anafungua barua yako kwenye simu, labda kati ya mzigo mmoja na mwingine. Ili akujibu, inambidi aamue mnazungumza nini, kwa muda gani, siku gani, saa ngapi, kwa video au ana kwa ana, na kama ni ana kwa ana, wapi. Hayo yote umemwachia yeye, na huwezi kuyajibu ukiwa umesimama. Basi anajiambia atakujibu vizuri jioni. Jioni zimeingia barua nyingine, yako imeshuka chini, na wiki ikipita anaona aibu kujibu kwa kuchelewa. Hapo mawasiliano yanakufa, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya.

Kwa mtu mwenye shughuli, ombi la adabu ni lile analoweza kulijibu kwa neno moja: "Sawa, Jumanne." Kazi ya kufikiri uifanye wewe kabla hujatuma. Usiogope kwamba kumtajia siku ni kumwamuru. Unamtajia siku mbili na kumwachia mlango wa kusema hapana, na mlango huo ndio unaobeba heshima.

Maneno ya pili ya kuyaondoa ni "nijifunze kutoka kwako." Najua umeyaandika kwa moyo safi. Lakini hebu kaa upande wake. Yeye yuko kwenye kampuni inayonunua, wewe uko kwenye kituo kinachouza. Mtu wa kituo cha kufungashia anaomba mazungumzo bila kusema juu ya nini. Bwana K. anaweza kudhani unatafuta soko, unataka kujua bei, au, kibaya zaidi, unataka kulalamikia mzigo uliokatwa fedha baada ya ripoti ya ukaguzi. Hayo yote mwajiri wake anaweza kuwa amemkataza kuyazungumza na mtu wa pembeni. Akiwa na shaka hiyo, jibu salama kwake ni kunyamaza.

Wakati huohuo swali lako lenyewe ni zuri sana, na kwenye rasimu halimo! Umenieleza mimi, yeye hukumwambia. Unataka kujua namna matunda yanavyopimwa ulaini pale yanapopokewa: wanachukua maboksi mangapi kwenye kontena, wanabonyeza kwa kidole au wanatumia kifaa, na tunda likifika kiwango gani ndipo linaandikwa kuwa limelainika. Mtu anayefanya kazi hiyo kila siku anaweza kulijibu bila maandalizi, na hakuna siri ya mtu inayoguswa. Watu wengi hufurahia kuulizwa jambo wanalolijua kwa mikono yao. Mwandikie hilo, na useme wazi kwamba huulizii bei, huulizii wateja wake, wala huleti malalamiko ya mzigo wowote. Na kabla ya kutuma, mdokeze bosi wako wa sasa kwamba unataka kuzungumza na mtu wa upande wa mapokezi kuhusu vipimo. Habari hii ikimfikia kutoka Rotterdam kabla yako, itaonekana tofauti na ilivyo.

Kuhusu kusubiri aje Dar, nakushauri usisubiri. Njombe hadi Dar ni takribani kilomita 700, safari ya siku nzima kwa basi. Ukimwambia mtu usiyewahi kuzungumza naye kwamba utasafiri hivyo ili mnywe kahawa, umembebesha deni kabla hajakujua. Akiahirisha asubuhi hiyo, na wanaokuja nyumbani mara moja kwa mwaka huahirisha sana kwa kuwa ndugu wote wanawataka, atajiona amekukosea na wewe utakuwa umepoteza nauli na ruhusa ya kazini. Dakika 20 za video hazimgharimu kitu kikubwa yeyote kati yenu. Mkielewana, kahawa ya Novemba itakuja yenyewe kama jambo la watu waliokwisha kufahamiana.

Usiziweke zote mbili kwenye barua moja, yaani "kahawa au video." Inaonekana kama unampa uhuru, lakini unampa swali jingine la kufikiria, na zaidi unampa sababu ya kuahirisha: ataandika "basi tutaonana nikija", na ukishaambiwa hivyo huna tena pa kushikia.

Sasa saa, ambako hata watu makini huteleza. Kwetu saa kumi jioni ni 16:00. Mtu aliyeishi Uholanzi miaka mingi anaweza kusoma "saa 10" na kichwa chake kikaenda moja kwa moja kwenye 10:00 ya asubuhi, hata kama umeandika kwa Kiswahili. Andika hesabu zote mbili: saa 10:00 jioni, na pembeni yake 16:00. Na anza na saa ya kwake, kwa sababu ndiyo atakayoitafuta kwenye kalenda.

Kuna mtego mwingine ndani ya mwezi huu. Sisi saa zetu hazibadiliki mwaka mzima. Uholanzi, kama nchi nyingine za Umoja wa Ulaya, hurudisha saa nyuma kwa saa moja Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na kuzisogeza mbele tena Jumapili ya mwisho ya Machi. Leo tofauti kati ya Njombe na Rotterdam ni saa moja. Kuanzia Jumapili ya tarehe 25 itakuwa saa mbili. Ukikokotoa kwa tofauti ya leo na kupanga kikao cha tarehe 27, mmoja wenu atakaa mbele ya kioo kwa saa nzima akimngoja mwenzake. Chagua siku baada ya badiliko hilo, kwa hesabu ya saa mbili. Saa 14:00 ya Rotterdam inafaa, kwa kuwa asubuhi ya kazi imepita na chakula cha mchana kimeisha. Kwako itakuwa 16:00, saa 10 jioni, bado uko kazini na taa zinawaka. Siku mbili zinatosha. Zikiwa tano, anaanza kuzilinganisha na kusahau kujibu. Ziwe wiki moja na nusu hivi mbele. Karibu zaidi ya hapo atakuwa ameshajaa, na mbali zaidi ya hapo jambo halina uzito.

Kuhusu salamu, "Mheshimiwa" iondoe, huyo si mbunge wala hakimu. "Yule binti" nalo liondoe, maana kwenye barua hii wewe ni msimamizi wa ubora. Shikamoo ni nzuri na ukimwona kwenye video mwamkie hivyo bila kusita, lakini kwenye barua ya kwanza ya kikazi kwa mtu ambaye hujui umri wake hasa, "Habari za kazi" inakaa vizuri zaidi. Mwite kama Dada R. alivyomwita kwenye utambulisho. Kama aliandika "Kaka K.", wewe pia andika hivyo.

Mimi ningeandika hivi:

"Dada R., asante sana kwa kutuunganisha. Nakuhamishia Bcc ili tusikujazie barua.

Kaka K., habari za kazi. Mimi ni N., msimamizi wa ubora kwenye kituo cha kufungashia parachichi Njombe. Nimekuwa nikisoma ripoti za kupokea mizigo zinazotaja asilimia ya matunda yaliyolainika, na ningependa kuelewa kwa kawaida kipimo hicho kinafanywaje upande wa mapokezi: sampuli zinachukuliwaje, na tunda linahesabiwa limelainika kuanzia hatua ipi. Naulizia utaratibu tu. Sina swali la bei, la wateja wenu wala la mzigo wowote maalumu.

Je, ungeweza kunipa dakika 20 kwa video, Jumanne tarehe 27 Oktoba au Alhamisi tarehe 29 Oktoba, saa 14:00 ya Rotterdam? Huku kwetu itakuwa 16:00, saa 10 jioni. Ukikubali mojawapo nitakutumia kiungo cha Google Meet, au tutumie njia unayoizoea.

Kama kipindi hiki kina shughuli nyingi, jibu fupi kwa barua pepe litanisaidia vilevile.

Asante, N."

Ile sentensi ya mwisho usiifute ukiona barua ni ndefu. Inampa njia ya kukusaidia bila kukutana nawe, na ajabu yake ni kwamba wengi wakiiona hukubali kukutana, kwa sababu hawajabanwa. Na akiichukua, ukapata mistari minne kuhusu sampuli na vipimo, umepata ulichokitaka. Mshukuru, usirudi kumwambia "lakini bado ningependa tuonane."

Umeniuliza pia kuhusu kueleweka vibaya. Barua hiyo imeshakulinda: ina mada, ina dakika, iko mchana wa siku ya kazi, na aliyewatambulisha ametajwa mstari wa kwanza. Kinachoacha nafasi ya tafsiri nyingine ni "nitafurahi tukizungumza siku moja", bila kusema nini na lini. Akijibu vizuri lakini akasogeza muda hadi saa nne usiku wako, unaweza kuandika kwa upole: "Muda huo huwa sipo kwenye mtandao. Je, siku nyingine mchana ingewezekana?" Huhitaji kueleza sababu.

Akisema ndiyo, tuma mwaliko wa kalenda ndani ya saa chache, kabla hajasahau. Kwenye Google Calendar tengeneza tukio, weka anwani yake kama mgeni, na uongeze kiungo cha Meet. Kalenda yake itaonyesha saa ya huko yenyewe, na huo utakuwa uhakiki wa hesabu yako. Jina la tukio lisiwe "Kikao", maana kwenye kalenda yake vikao ni vingi. Andika "N. (Njombe) na K.: upimaji wa ulaini wa parachichi". Kwenye maelezo weka namba yako ya simu na sentensi moja: mtandao ukikatika nitakuandikia hapa kwa barua pepe mara moja. Nimekutajia Meet kwa kuwa mazungumzo ya watu wawili kwa akaunti ya bure hayakatwi baada ya dakika chache, tofauti na Zoom ya bure inayokata kwenye dakika ya 40. Lakini kama yeye atataka Zoom au Teams, mfuate.

Siku yenyewe hakikisha bando lipo na simu imejaa chaji hata kama utatumia kompyuta ya ofisini, kwa sababu umeme ukikatika unahamia kwenye simu bila kupoteza muda. Ingia dakika tatu kabla. Sauti ikianza kukatika, wewe ndiye wa kusema "nazima picha ili nikusikie vizuri", usingoje yeye akuombe. Dakika ya 18 mwambie: "Tumebakiwa na dakika mbili, sitaki kuzidisha muda ulionipa." Akitaka kuendelea ataendelea mwenyewe, na atakuwa ameona kwamba dakika 20 zako ni 20 kweli.

Hapo mwishoni, kama mazungumzo yamekwenda vizuri, ndipo kahawa inapoingia. "Dada R. alinidokeza kwamba huenda ukawa Dar mwishoni mwa Novemba. Nikiwa na safari ya huko wakati huo, naomba nikuandikie tupate kahawa kidogo." Usimwombe siku hapohapo. Wiki moja kabla ya safari yake muulize atakuwa maeneo gani, maana Dar mtu wa Mbezi akiitwa Posta anaweza kula nusu ya siku barabarani. Akikwambia, chagua mkahawa ulio upande wake, wenye watu, na saa nne asubuhi hivi, foleni ya kwenda kazini ikiwa imepungua na joto halijapanda. Usikubali kwenye sebule ya hoteli anayolala ikiwa pana mkahawa wa kawaida karibu, na usipendekeze jioni. Lipa wewe, kwa kuwa wewe ndiye uliyemwita, na mwambie mhudumu mapema. Kama ni mtu mzima atakayeshika bili na kusema "haiwezekani mdogo wangu anilipie", mkatalie mara moja tu kwa tabasamu, kisha mwache alipe na umshukuru. Kubishana juu ya kikombe cha kahawa mbele ya mhudumu kunawaaibisha wote wawili.

Na asipojibu? Barua ukiituma leo, mpe hadi Ijumaa ya wiki ijayo. Halafu mwandikie mara moja zaidi, palepale chini ya barua ya kwanza, ukiwa na siku mpya, kwa sababu za mwanzo zitakuwa zimekaribia mno: "Kaka K., habari za wikiendi inayokuja. Najua ni kipindi cha shughuli. Je, Jumanne tarehe 3 au Alhamisi tarehe 5 Novemba, saa ileile ya 14:00 ya Rotterdam, ingefaa zaidi? Na kama si wakati mzuri, niambie tu." Usiandike "sijui kama uliiona barua yangu." Aliiona, au hakuiona, na vyovyote iwavyo sentensi hiyo inamshtaki.

Asipojibu hiyo nayo, iache. Usihamie WhatsApp, usimtumie salamu za sikukuu zenye swali ndani yake, na usimwendee Dada R. ukilalamika. Dada R. akikuuliza mwenyewe, mwambie ukweli mfupi: "Nilimwandikia mara mbili, nadhani ana kazi nyingi." Yeye anamfahamu na anaweza kumgusa bega kwa namna yake. Ukimwomba afanye hivyo, unamfanya wa kukudaia majibu, na huyo ni mtu ambaye utamhitaji tena.

Mkishaonana, mwandikie Bwana K. jioni hiyohiyo. Mistari mitatu inatosha, na mmoja wapo utaje jambo moja alilokueleza na utakavyolitumia: kwa mfano kwamba kuanzia mzigo ujao mtachukua sampuli hapo kituoni kwa namna ileile wanayoitumia wao, ili namba zenu na zao ziweze kulinganishwa. Dada R. naye mtumie mstari mmoja kwamba mmezungumza. Kisha mzigo huo ukifika na ripoti ikirudi, mwandikie tena Bwana K. umwambie namba zilikuwaje. Ikiwa hiyo itakuwa Novemba, barua hiyohiyo ndiyo ya kumwuliza atakuwa upande gani wa Dar.